Karatasi Mbili, Majibu Mawili: Namna ya Kuelewa Vipimo vya Kaswende Vinapotofautiana

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za maabara



Miongoni mwa malalamiko yanayoletwa mbele yetu kuhusu vipimo vya maabara, lipo moja linalojirudia kwa sura ileile. Mtu huweka mezani karatasi mbili. Ya kwanza inasema ana kaswende. Ya pili, iliyotoka mahali pengine siku chache baadaye, inasema hana. Kisha huuliza: ni nani kati yao aliyekosea?

Jibu letu huwashangaza wengi. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Karatasi zile zimejibu maswali mawili tofauti, na mwenye damu hakuelezwa kwamba maswali yalikuwa mawili. Leo tumeona vyema tuyaeleze maswali hayo, kisha tuifuate safari ya mama mmoja mjamzito kuanzia kliniki hadi nyumbani, ili kila mmoja wetu aweze kuisoma karatasi yake bila hofu na bila kupuuza.

Vipimo viwili, maswali mawili

Kaswende huletwa na kimelea cha jamii ya bakteria kiitwacho Treponema pallidum. Kimelea hiki ni chembamba mno na hakioteshwi katika maabara za kawaida, hivyo kwa kawaida hatukitafuti chenyewe. Tunatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana naye. Vipimo vya damu vya kaswende viko katika makundi mawili kwa sababu askari hao nao ni wa aina mbili.

Kundi la kwanza ni la vipimo ambavyo havimlengi kimelea moja kwa moja. Kinachotumika zaidi huandikwa RPR, na ndugu yake ni VDRL. Hivi hutafuta kingamwili dhidi ya mafuta yaitwayo kadiolipini. Mafuta hayo yamo ndani ya seli zetu wenyewe, na kwa muda mrefu yalipatikana kwa kuyakamua kutoka moyo wa ng'ombe. Kaswende inapozijeruhi seli, mwili huanza kutoa kingamwili dhidi ya mafuta hayo. Kwa hiyo RPR hupima fujo ambayo ugonjwa unaifanya mwilini. Fujo ikiongezeka, kipimo hupanda. Tiba ikifanya kazi, kipimo hushuka, na kwa watu wengi hatimaye huzimika kabisa.

Historia yenyewe inaonyesha udhaifu wa kundi hili. Mwaka 1906, August Wassermann na wenzake walitangaza nchini Ujerumani kipimo cha kwanza cha damu cha kaswende. Walitumia maji yaliyotolewa katika maini ya watoto wachanga waliofariki kwa ugonjwa huo, wakiamini kwamba kimelea kilichomo ndimo ilimo nguvu ya kipimo. Haukupita muda mrefu ikabainika kwamba nyama ya mwili usio na kaswende, hata moyo wa ng'ombe, ilitoa matokeo yaleyale. Kipimo kilifaa, lakini hakikuwa kikimpima kimelea. Kilipima mafuta. Ndiyo maana hadi leo magonjwa mengine yanayojeruhi seli yanaweza kukiwasha.

Kundi la pili ni la vipimo vinavyomlenga kimelea mwenyewe. Humo mna TPHA na TPPA vya maabara, na vile vipimo vya haraka vya kutobolewa kidole tunavyoviona kliniki, pamoja na kile kinachopima VVU na kaswende katika kipande kimoja. Hivi hutafuta kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya Treponema hasa. Kingamwili hizo ni kama kovu. Jeraha hupona, kovu hubaki. Mtu aliyetibiwa kaswende barabara miaka ishirini iliyopita anaweza kupimwa leo kwa kipimo cha haraka na mstari ukatokea, naye hana ugonjwa. Wachache tu, hasa waliotibiwa mapema sana, hupoteza kingamwili hizo.

Basi kundi la pili huuliza: mwili huu umewahi kukutana na kimelea? Kundi la kwanza huuliza: je, sasa kuna dalili kwamba ugonjwa unafanya kazi? Yeyote aliye na maswali hayo mawili kichwani amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya jambo hili.

Mama mwenye karatasi mbili

Tuchukue sasa mfano. Mama mwenye umri wa miaka 27 anakwenda kliniki ya wajawazito na mumewe, mimba ikiwa ya wiki 16. Ni mimba ya pili. Muuguzi anamtoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika zilizoelekezwa mstari wa kaswende unatokea. Siku hiyohiyo anapewa sindano ya kwanza ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, na damu nyingine inatolewa mkononi ili ipelekwe maabara ya hospitali kwa RPR.

Utaratibu huo wa kuchoma kwanza na kuhakiki baadaye huwaudhi watu, lakini una sababu yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, liliupendekeza kwa mahali ambapo wajawazito wengi huenda wasirudi kuchukua majibu. Kaswende isiyotibiwa hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kuharibika, mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa na ugonjwa. Kwa upande mmoja wa mizani yapo maumivu ya sindano moja ambayo huenda haikuhitajika. Kwa upande wa pili upo uhai wa mtoto.

Baada ya wiki moja jibu la maabara linarudi: RPR haijagandana. Wakati huohuo mume, ambaye hakulala vizuri wiki nzima, amempeleka mkewe kwenye maabara ya mtaani. Huko nako walifanya RPR, wakaandika neno moja tu: "Hasi".

Mume anarudi kliniki na karatasi zote mkononi. "Dada," anamwambia muuguzi, "wewe ulisema mke wangu ana kaswende. Wenzako wawili wanasema hana. Ama kipimo chako ni kibovu, ama kuna jambo ambalo mke wangu hataki nilijue."

Muuguzi anamjibu, "Baba, keti kwanza. Mama, ile kadi ya kliniki ya mimba yako ya kwanza unayo?"

Mama anayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Ndani yake imeandikwa kwamba miaka minne nyuma, katika mimba ile, kipimo cha haraka kilionyesha kaswende na RPR ilikuwa 1:16. Alichomwa sindano tatu, moja kila wiki. Miezi sita baada ya tiba RPR ilikuwa 1:4, na baada ya mwaka 1:2. Mume naye, kwa mujibu wa maandishi yaleyale, alitibiwa. Alikuwa amesahau. Aliambiwa wakati ule kwamba ni "sindano za kusafisha damu", wala hakuuliza zaidi.

Hapo karatasi zote zinapatana. Kipimo cha haraka kimeona kovu la ugonjwa wa miaka minne iliyopita. RPR mbili za sasa zimeonyesha kwamba fujo ile, iliyokuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, imezimika. Hakuna aliyedanganya, na hakuna kipimo kibovu. Mama hahitaji sindano nyingine kwa sasa. Atapimwa tena RPR baadaye katika mimba hii, kwa kuwa kovu halimkingi mtu na maambukizi mapya.

Tunaomba jambo moja lizingatiwe hapa. Kipimo cha haraka hakikuweza kumwambia mume huyu lini mkewe aliambukizwa, wala na nani. Hakuna kipimo cha damu cha kaswende kinachoweza kusema hayo. Ndoa zinazovunjwa kwa ushahidi wa mstari mmoja wa rangi zinavunjwa kwa ushahidi ambao mstari ule hauna.

Kama kadi isingepatikana

Tubadilishe sehemu moja tu ya habari hii. Tuseme mama hana kadi, hakumbuki tiba yoyote, na hakuna rekodi popote. Karatasi ni zilezile: kipimo cha haraka kimeonyesha, RPR haikuonyesha. Je, tuseme tena kuwa ni kovu?

Hapana. Picha hiyohiyo inaweza kutokea kwa mtu ambaye hakuwahi kutibiwa kabisa. Kaswende ikikaa mwilini miaka mingi bila tiba hujificha, na kwa baadhi ya watu RPR hushuka yenyewe hadi kuzimika ingawa kimelea bado yumo. Inaweza pia kutokea kwa aliyeambukizwa siku chache tu zilizopita, kwa sababu vipimo vya kundi la pili huweza kutangulia kuonyesha kabla ya RPR. Na mara chache kipimo cha haraka chenyewe huonyesha mahali pasipo na kitu.

Hapo maabara hutafuta shahidi wa tatu. Damu ileile hupimwa kwa kipimo kingine cha kundi la pili kilichotengenezwa kwa njia tofauti, kama TPHA. TPHA nayo ikikataa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mstari wa kwanza ulikuwa wa uongo. Ikikubali, basi mwili huo umekutana kweli na kimelea. Kwa kuwa hakuna ushahidi wa tiba, mama hutibiwa kama mwenye kaswende ya muda usiojulikana: sindano tatu, kila moja baada ya wiki. Ile ya siku ya kwanza huhesabiwa kuwa ya kwanza, na zinazobaki hazipaswi kurukwa.

Kwa mjamzito, penisilini ndiyo dawa inayojulikana kumtibu mama na mtoto aliye tumboni. Vidonge ambavyo watu wengine hupewa badala yake havichukui nafasi hiyo. Mama mwenye mzio wa penisilini aseme mapema ili apelekwe hospitali yenye uwezo wa kumhudumia. Na asichelewe, kwa sababu tiba inapaswa kuanza walau siku 30 kabla ya kujifungua ili ihesabiwe kuwa imemlinda mtoto.

Tazameni basi: karatasi ni zilezile, vipimo ni vilevile, lakini kadi moja ya zamani imebadilisha uamuzi. Jibu la kaswende halisomwi bila historia ya mgonjwa.

Namba iliyo baada ya nukta mbili

Wengi wenu mmeona katika karatasi ya RPR maandishi kama 1:4 au 1:32, na hamkuelezwa maana yake. Maana yake si ngumu. Mtaalamu huweka tone la majimaji ya damu kwenye duara la kadi, huongeza dawa yenye kadiolipini na chembe nyeusi za mkaa, kisha mashine huizungusha kadi kwa dakika 8. Kingamwili zikiwapo, chembe za mkaa hugandana na kuonekana kama masizi yaliyotawanyika. Zisipokuwapo, hubaki rangi ya kijivu iliyo sawa.

Zikigandana, mtaalamu huyazimua majimaji yale kwa nusu, tena kwa nusu, tena kwa nusu, akiangalia ni wapi mgando unakoma. Jibu la 1:32 maana yake mgando uliendelea kuonekana hata baada ya majimaji kuzimuliwa mara 32. Namba ya pili ikiwa kubwa, kingamwili ni nyingi.

Kwa kuwa kila hatua ni ya nusu, na jicho la binadamu ndilo linaloamua, tofauti ya hatua moja haina uzito. Aliyepata 1:8 mwezi uliopita na 1:4 leo hajapona zaidi, na aliyetoka 1:4 kwenda 1:8 hajazidiwa. Tofauti yenye maana ni ya hatua mbili, yaani mara nne: kutoka 1:16 kushuka hadi 1:4, kama ilivyokuwa kwa mama yetu, ni ishara njema ya tiba. Kinyume chake, kama leo RPR yake ingekuwa 1:32 baada ya kufikia 1:2, tungesema ameambukizwa upya, na kadi ile ya zamani isingemzuia kutibiwa tena.

Wapo pia watu ambao baada ya tiba kamili RPR yao hushuka kisha ikabaki 1:2 au 1:4 kwa miaka. Hao si lazima wawe wagonjwa. Wanachohitaji ni kutunza namba zao, ili siku moja ikipanda ionekane kwamba imepanda.

Ulinganisho huu una sharti lake. Linganisha RPR na RPR, wala si RPR na VDRL, na ikiwezekana iwe maabara ileile. Namba za vipimo hivyo viwili hazibadilishani.

Hali ikiwa kinyume

Mara nyingine karatasi hupishana kwa upande mwingine: RPR inaonyesha, lakini kipimo kinachomlenga kimelea kinakataa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. RPR huona fujo, na fujo inaweza kuletwa na malaria, kifua kikuu, ukoma, VVU, maradhi ambayo mwili hujishambulia wenyewe, na wakati mwingine ujauzito peke yake. Aghalabu namba huwa ndogo, chini ya 1:8. Katika nchi zenye malaria, kumtangaza mtu kuwa ana kaswende kwa RPR ya 1:2 bila kuhakiki kwa kundi la pili ni kumwonea.

Hata hivyo namba ndogo peke yake haimwondolei mtu shaka, kwa kuwa kaswende ya zamani iliyojificha nayo huwa na namba ndogo. Anayeamua ni kipimo cha pili.

Ipo hali moja ambamo vipimo vya makundi yote mawili hukubaliana na bado haviwezi kumtambua mgonjwa: ugonjwa wa buba. Kimelea chake ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende, na damu ya mzee aliyeugua buba utotoni inaweza kuviwasha vyote. Mzee wa namna hiyo asimulie historia yake kabla ya kuaibishwa na karatasi.

"Hasi" isiyopaswa kumtuliza mtu

Kuna majibu mawili ya "hasi" ambayo tunataka myajue. La kwanza ni la mapema. Kidonda cha kaswende, kisichouma, hutokea kwa kawaida kama wiki tatu baada ya maambukizi, na RPR huweza kuchukua kati ya wiki 1 na 4 zaidi kabla ya kuonyesha. Mwenye kidonda sehemu za siri na jibu la hasi aonekane na mganga, na apimwe tena baada ya wiki chache. Asirudi nyumbani akashangilia.

La pili ni la ajabu zaidi. Kingamwili zikiwa nyingi kupita kiasi, huzuia mgando badala ya kuuleta, na RPR huonekana hasi kwa mtu ambaye ugonjwa wake umepamba moto. Akizimuliwa damu, mgando hutokea. Kwa hiyo mtu mwenye vipele mwilini pamoja na viganjani na nyayoni, au mjamzito ambaye kipimo cha haraka kimeonyesha, anayo haki ya kuuliza: "Je, damu hii imepimwa pia baada ya kuzimuliwa?" Ni swali la haki wala si utovu wa adabu.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuondoka

Tunapopokea malalamiko, jambo linalotukwaza zaidi ni karatasi iliyoandikwa "Kaswende: chanya" au "Kaswende: hasi" bila neno jingine. Kwa karatasi ya namna hiyo hatuwezi kujua ni swali gani lilijibiwa. Kabla ya kuondoka dirishani, hakikisheni karatasi ina jina la kipimo, tarehe, na kama ni RPR au VDRL iliyoonyesha, ile namba ya baada ya nukta mbili.

Kwa kipimo cha haraka, ombeni kuona kwamba kifuko kimefunguliwa mbele yenu na tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Katika kila kipande kuna mstari wa udhibiti. Usipotokea, kipimo hicho ni batili hata kama mstari wa kaswende umetokea, na lazima kirudiwe kwa kipande kipya. Kisisomwe baada ya muda ulioandikwa na mtengenezaji kupita, kwa sababu mstari hafifu unaojitokeza baada ya saa nzima hauna maana. Mkiona vifaa vimeachwa juani au vimekwisha muda wake, hilo ndilo kosa la kweli, na hilo ndilo tunalotaka mtuletee.

Kisha itunzeni karatasi. Mama wa mfano wetu hakuokolewa na kipimo cha gharama kubwa. Aliokolewa na kadi iliyokunjwa katika mfuko wa nailoni, yenye namba tatu zilizoandikwa kwa kalamu ya wino na muuguzi ambaye huenda hakumkumbuka tena. Mkiwekewa namba hizo, mjue kwamba ni zenu, na ipo siku zitaulizwa.